Kwangu Kuna, Kwangu Hakuna: Acha Kupeleka Kirusi Kupitia Kiingereza

Wasee, mnaonifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na mnajua sababu: karo. Kitu kimoja nilichotoka nacho pale ni Kirusi. Kilikuwa somo la kuchagua, wengi walilikwepa, mimi nikalipenda. Chuo kikaisha, Kirusi kikabaki. Sasa naitwa kila wiki na mtu anayejiandaa kwenda kusoma Urusi, au tayari yuko huko na amekwama, na karibu wote wanakwama pahali pamoja. Si herufi zao, herufi unazizoea kwa wiki mbili. Ni kusema "nina" na "sina".

Msimamo wangu, na mtanitukana mkitaka: shida si Kirusi. Shida ni kwamba tumefundishwa kupitisha kila lugha ya kigeni kwa Kiingereza kwanza, na kwa jambo hili Kiingereza ni barabara mbovu kabisa. Kiswahili chako, hata kile cha mtaani, kiko karibu na Kirusi kuliko unavyodhani.

Nianze na stori ya binamu yangu. Mwaka wake wa kwanza kule, ule wa kujifunza lugha kabla ya masomo yenyewe, ofisi ya chuo ilichukua pasipoti yake ili imsajili makazi. Hiyo ni kawaida, mgeni lazima asajiliwe anapokaa. Usiku mmoja akarudi bwenini akiwa amechelewa, mlinzi mpya mlangoni, nje baridi ile ya kuuma masikio. Mlinzi akauliza pasipoti. Binamu akatafsiri kichwani kutoka Kiingereza neno kwa neno, akatoa: "Ya nye imeyu pasport." Alitaka kusema hana pasipoti mkononi. Alichosikia mlinzi ni kijana mgeni anayetangaza kwamba yeye si mtu wa pasipoti, hamiliki, basi. Akasimamishwa pale hadi mwenzake wa chumba aliposhuka kumtetea.

Asubuhi akanitumia WhatsApp sentensi nne alizotaka kwenda kusema ofisini. Alikuwa ameziandika hivi:

```
I have a passport.
The university has my passport.
I don't have a pass yet.
Yesterday I didn't have time.
```

Angalia hizo sentensi. Kiingereza kinatumia kitenzi kilekile kwa zote nne, na katika zote mwenye kitu ndiye bosi wa sentensi. Yeye yuko mbele, yeye ndiye anayefanya, kitu kinafuata nyuma kama mzigo. Hata chuo, ambacho ni majengo, kinageuzwa kuwa mtu anayeshika pasipoti.

Kirusi hakioni hivyo. Kwa Kirusi, mwenye kitu si mtendaji. Yeye ni mahali. Kitu kipo, na kipo kwake. Kwa hiyo sentensi ya kwanza inakuwa "U menya yest pasport". Tuivunje. "U" maana yake ni karibu na, au kwa. "Menya" ni "mimi" ikiwa imebadilishwa umbo kwa sababu inafuata "u". "Yest" ni kuna, ipo. "Pasport" unaijua. Ukiweka pamoja: kwangu kuna pasipoti.

Sasa rudi nyumbani. Sisi wenyewe tuna kitenzi cha kumiliki kama kile cha Kiingereza? Hatuna. "Nina" ni "ni" ya mimi na "na" ya pamoja. Unasema "mimi pamoja na pasipoti". Ndiyo maana ukienda wakati uliopita lazima uite "kuwa" ije kusaidia: nilikuwa na. Mtaani tumeenda mbali zaidi, tunasema "niko na doo", na hiyo "ko" ni ile ile ya mahali. Na tukitaka kukaribia Kirusi kabisa, tunayo "kwangu kuna". Mgeni akifika unasema "kwangu kuna mgeni", na Mrusi anasema neno kwa neno hivyo hivyo.

Ukitaka kuamini kwamba "u" ni "kwa" yetu, sikiliza Warusi wakizungumza. "U mami" ni kwa mama. "Ya zhivu u brata" ni naishi kwa kaka. Na ile sentensi kila Mkenya kule hulazimika kusema akianza kueleza mambo ya huku, "u nas v Kenii", ni nini kama si "kwetu Kenya"? Orodha yenyewe ni fupi: u menya ni kwangu, u tebya ni kwako, u nyego ni kwake akiwa mwanaume, u nyeyo ni kwake akiwa mwanamke, u nas ni kwetu, u vas ni kwenu, u nikh ni kwao. Hiyo "u vas" ndiyo pia unamwambia mtu mmoja unayemheshimu. Ukiwa ofisini usimwambie katibu "u tebya" kama mnacheza naye mpira.

Mwenye kitu akiwa na jina, jina nalo hubadilika mkia baada ya "u". Umbo hilo wanaisimu wanaliita jenitivu, na kazi yake kubwa ni kama "wa" na "la" zetu: lile la kusema gari la kaka. Kaka ni "brat", lakini baada ya "u" anakuwa "brata". Mama ni "mama", baada ya "u" anakuwa "mami". Kwa hiyo kaka ana pikipiki ni "u brata yest mototsikl". Makosa ya kwanza ninayoona kwa wanaoanza ni "u brat". Mrusi ataelewa, lakini atasikia kama mtu aliyesema "kwa kaka mimi kuna pikipiki".

Sasa sentensi ya pili ya binamu, ile ya chuo kushika pasipoti yake. Alijaribu "u universiteta", akifuata kanuni niliyotoka kuwapa. Haikai vizuri. Ukitaka kusema kitu kiko mikononi mwa nani, "u" ni ya watu. Kitu kikiwa ndani ya taasisi, Mrusi anakiweka ndani ya mahali: "Moy pasport v universitete", pasipoti yangu iko chuoni. Na hapa tena Kiswahili kinakubeba. Wewe husemi "pasipoti iko kwa chuo" ukiwa unaandika vizuri, unasema chuoni. Unasema kwa mama, lakini shuleni. Mtu anapata "kwa", mahali panapata "-ni". Kirusi kinagawanya palepale: mtu anapata "u", jengo linapata "v". Kama pasipoti iko kwa katibu mwenyewe, mtu wa nyama na damu, basi "pasport u sekretarya".

Umeona kitu kimetoweka? Hakuna "yest" katika "pasport u sekretarya". Hii ni muhimu, na ndiyo ingemwokoa binamu usiku ule. "Yest" huja pale swali likiwa kitu kipo au hakipo. Mwenye swali akishajua kwamba kitu kipo na anachotaka ni kujua kiko wapi, "yest" inaondoka na kitu chenyewe kinatangulia. Linganisha hizi mbili. "U mami yest pasport" ni mama ana pasipoti, yaani ameshapata yake. "Pasport u mami" ni ile pasipoti tunayoizungumzia, iko kwa mama. Kiingereza kinaweza kutumia kitenzi kilekile kwa zote mbili, ndiyo maana anayetafsiri kutoka huko haoni mlango. Kwa Kiswahili mlango uko wazi: mama ana pasipoti, na pasipoti iko kwa mama. Hakuna mtoto wa Kayole au wa Likoni anayechanganya hizo.

"Yest" huondoka pia pale tunapozungumzia kitu kikoje, si kama kipo. Msichana mwenye nywele ndefu ni "u nyeyo dlinniye volosi", bila "yest", kwa sababu hakuna aliyekuwa na shaka kama ana nywele. Jamaa mwenye gari jipya ni "u nyego novaya mashina", habari hapo ni upya wa gari. Ugonjwa nao ni vivyo hivyo: nina homa ni "u menya temperatura". Hapa nakiri Kiswahili hakikusaidii, sisi tunasema "nina" kwa yote, kwa hiyo lazima ujiulize swali kabla ya kufungua mdomo: nathibitisha kwamba kitu kipo, au naeleza kilivyo na kilipo? Likiwa la kwanza, weka "yest". Likiwa la pili, iache.

Twende kwa kukosa, maana huko ndiko watu huumia. Sentensi ya tatu ya binamu ilikuwa kwamba bado hana kibali cha kuingia bwenini, kile wanakiita "propusk". Wanafunzi wengi huandika "u menya nyet propusk". Wamefika karibu, lakini kuna kitu kimebaki. Sahihi ni "u menya yeshcho nyet propuska". "Yeshcho" ni bado. "Nyet" ni hakuna. Na "propusk" imekuwa "propuska", jenitivu tena.

Kwa nini kitu kinachokosekana kibadilike? Fikiria hivi. Kwenye "u menya yest propusk", kibali ndicho kiima cha sentensi, ndicho kilichopo. Kikishakosekana, hakuna kitu cha kusimama kama kiima. Sentensi inabaki bila mwenyewe, na kitu kinasukumwa pembeni, kinavaa umbo la jenitivu. "Nyet" yenyewe imetokana na kikanushi "nye" kuungana na "yest": si-ipo. Sasa angalia "hakuna" yetu. "Ha" ya kukana, "ku" ya mahali, "na". Kibali hakina kiambishi chake pale ndani. Husemi "hakikuna kibali", unasema hakuna kibali, na "hakuna" hiyo haibadiliki uwe unazungumzia kibali, pesa au marafiki. "Nyet" nayo haibadiliki. Kwangu hakuna kibali, u menya nyet propuska.

Kwa hiyo sheria ya kubeba mfukoni ni moja: ukisema "nyet", jenitivu iko karibu mara mbili. Mwenye kukosa yuko kwenye jenitivu kwa sababu ya "u", na kinachokosekana kiko kwenye jenitivu kwa sababu ya "nyet". Ukiandika sentensi ya kukosa na moja kati ya hizo mbili bado inaonekana kama ilivyo kwenye kamusi, simama uangalie. Maneno ya kiume yanayoishia na konsonanti huongezwa "a": noutbuk, nyet noutbuka. Ya kike yanayoishia na "a" hugeuka "i": mashina, nyet mashini. Kuna machache ya kukariri tu, na kwa bahati mbaya ndiyo unayohitaji kila siku. Pesa ni "dengi", lakini huna pesa ni "nyet deneg". Muda ni "vremya", lakini huna muda ni "nyet vremeni".

Sasa rudi kwa mlinzi. Binamu angeweza kusema "u menya nyet pasporta". Sarufi safi, lakini bado mlinzi angeweza kuelewa kwamba pasipoti haipo kabisa. Alichohitaji ni ile ya mahali, ikiwa imekanushwa: "Pasport nye u menya, on v universitete." Pasipoti haiko kwangu, iko chuoni. Ona "nye" ilivyokaa mbele ya "u menya" na si "nyet". Haikani kuwepo kwa pasipoti, inakana mahali tu, kwa hiyo "pasport" inabaki na umbo lake la kawaida, haigeuki jenitivu. Sina pasipoti, na pasipoti haiko kwangu: wewe unazitofautisha tangu ukiwa mdogo. Mrusi mwenyewe angeongeza maneno mawili kwenye ile ya kwanza, "u menya nyet s soboy pasporta", sina pasipoti hapa nilipo, sikutembea nayo. Zote mbili zingemfungulia mlango.

Sentensi ya nne ni ya jana: sikuwa na muda. Wakati uliopita una pande mbili zisizofanana, kwa hiyo twende polepole. Kitu kikiwa kilikuwepo, kitenzi kinafuata kitu, si mwenyewe. Kaka ni wa kiume: "u menya bil brat". Gari ni la kike: "u menya bila mashina". Muda: "u menya bilo vremya". Pesa ni wingi: "u menya bili dengi". Ndiyo, najua, "bila mashina" kwa masikio yetu ni kama huna gari, na kumbe ndiyo ulikuwa nalo. Cheka sasa, usicheke kwa mtihani. Tatizo la kweli hapa ni kwamba mwanafunzi wa kike huandika "u menya bila brat", akifikiri kitenzi kinamfuata yeye kwa sababu Kiingereza kilimwambia yeye ndiye bosi. Yeye si bosi, yeye ni mahali. Kaka ndiye aliyekuwepo.

Kitu kikiwa hakikuwepo, kila kitu kinatulia. Ni "nye bilo" daima, kwa gari, kaka, pesa, chochote, na kitu kinaingia jenitivu. "U menya nye bilo mashini." "U menya nye bilo brata." Inatamkwa kama neno moja na mkazo unaangukia "nye". Ni ile "hakukuwa na" yetu, ambayo nayo haijali kitu gani kilikosekana. Kesho vivyo hivyo: "nye budet", hakutakuwa na. Kwa hiyo binamu alienda ofisini na "Vchera u menya nye bilo vremeni", jana kwangu hakukuwa na muda.

Hizi ndizo sentensi zake nne kama alivyozisoma kwa simu yake:

```
У меня есть паспорт.
Мой паспорт в университете.
У меня ещё нет пропуска.
Вчера у меня не было времени.
```

Nne kwa Kiingereza zilikuwa na kitenzi kimoja. Kwa Kirusi moja ina "yest", moja ni mahali tu, moja ina "nyet", moja ina "nye bilo". Na kwa Kiswahili? Kwangu kuna pasipoti. Pasipoti yangu iko chuoni. Kwangu bado hakuna kibali. Jana kwangu hakukuwa na muda. Si Kiswahili cha kupewa tuzo, lakini ukiandika hivyo kwanza kwenye karatasi, Kirusi kinajipanga chenyewe.

Kuna wale watauliza, je, kile kitenzi alichotumia binamu, "imet", si ni Kirusi? Ni Kirusi. Kina kazi yake, hasa kwa mambo yasiyoshikika: "imet pravo" ni kuwa na haki, "imet znacheniye" ni kuwa na umuhimu. Lakini usikipeleke kwa watu. Ukisema "ya imeyu sestru" ukitaka kumtaja dada yako, Mrusi wa rika lako atakohoa, kwa sababu mtaani kitenzi hicho na mtu kina maana ya kitandani. Na kile kitenzi cha Kiingereza kikimaanisha "lazima niende" au "nimekula", "u" haihusiki kabisa. Lazima niende ni "mne nado idti". Hapo pia ungekuwa umeanza na Kiswahili, usingeona hata mtego.

Watu huniuliza kama nikijitambulisha kwa Warusi huwa naeleza kuhusu chuo. Naeleza. "U menya nye bilo deneg." Kwangu hakukuwa na pesa. Maneno matano, jenitivu mbili, na wananielewa bila swali la pili.

Haya, andika sentensi tatu za unachokosa na mbili za ulicho nacho, kwa "kwangu" kwanza, kisha Kirusi. Zitupe hapo chini, nitazipitia jioni. Nikiona "ya imeyu" nitajua ulipitia Kiingereza.